UZI: Hoja inaweza kuwa valide na konklizyo yake ikawa ya bongo? Silojisme ya Gisenyi

Mwana_Himbi (Goma)
Salama bandugu na bayaya wote. Niko mwaka wa sita, na mu kozi ya filozofia tumefika ku logike. Mwalimu aliandika hii silojisme ku tablo:

Miji yote iliyo kando ya Ziwa Kivu iko Kongo.
Gisenyi ni muji ulio kando ya Ziwa Kivu.
Basi Gisenyi iko Kongo.

Halafu akasema hoja iko valide. Darasa yote ikapiga kelele, juu kila mutu wa Goma anajua Gisenyi iko Rwanda, unavuka tu Peti Baryere umefika. Yeye akasema tuende tufikirie, tutaongea wiki inakuja. Ninaomba mutu anielezee polepole, silojisme njo nini kabisa, na namna gani hoja ya valide inaweza kukupeleka ku bongo? Na kama inaweza kukupeleka ku bongo, kuwa valide kunasaidia nini?

Jembe_la_Katindo (Goma)
Mudogo, hiyo haina nguvu. Valide maana yake mpangilio iko sawa, basi. Logike haiangaliake kama mambo ni ya kweli, inaangalia tu kama sentensi zimepangwa, mbili za juu na moja ya chini. Ukiona zote tatu ni za kweli ujue hoja ni valide na ni nzuri, ukiona kuna bongo ndani lakini mpangilio iko sawa, ni valide ya ku karatasi tu. Ukweli hauna kazi mu logike.

MamaBirere (Goma)
Lakini nani alidanganya hawa batoto kama Gisenyi iko Kongo?? Mimi ninavukaka kila siku asubuhi na bitunguu na nyanya, ninajua penye Goma inaishia na penye ingine inaanzia, kuna baryere, kuna bapolisi wa pande zote mbili, na ziwa ni ile ile moja inagusa huku na kule. Mambo ya mipaka haichezewi hapa kwetu, walimu waandike bintu bya kweli ku tablo, watoto wanaandika mu kayé wanarudia nayo nyumbani.

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Mama, shikamoo na pole na kazi ya kuvuka. Hakuna mtu anayesema Gisenyi iko Kongo, hata yule mwalimu. Lakini katika maneno yako umeshafanya nusu ya kazi bila kuitwa: umesema ziwa ni lile lile, linagusa huku na kule. Maana yake umeonyesha sentensi gani ndiyo inadanganya. Si ya pili, Gisenyi kweli iko kando ya Ziwa Kivu. Ni ya kwanza, ile ya "miji yote". Kivu ina Goma na Bukavu upande wa Kongo, lakini ina Gisenyi na Kibuye upande wa Rwanda, na sisi hapa Bukavu tukiangalia ng'ambo ya Ruzizi tunaona Cyangugu. Sasa mwanangu wa Himbi, shika hilo, tutalirudilia.

Silojisme ni hoja ya sentensi mbili zinazotoa ya tatu, na ndani yake kuna vitu vitatu tu vinavyotajwa, kila kimoja mara mbili. Hapa ni Gisenyi, ni kuwa Kongo, na ni miji ya kando ya Kivu. Angalia vizuri hicho cha mwisho: kiko katika sentensi ya kwanza, kiko katika ya pili, lakini katika hitimisho kimepotea. Hicho ndicho cha katikati. Kazi yake ni kuwakutanisha wale wawili wengine halafu kujiondoa. Ukitaka kuona, chora duara kubwa uandike Kongo. Sentensi ya kwanza inakuamuru uchore duara ya miji ya Kivu yote ndani ya ile ya Kongo, hakuna kipande kinachobaki nje. Ya pili inakuamuru uweke nukta ya Gisenyi ndani ya duara ndogo. Ukisha kufanya hivyo, jaribu kuweka hiyo nukta nje ya Kongo. Huwezi. Hujasukumwa na jografia, umesukumwa na zile amri mbili peke yake. Hiyo ndiyo valide: hakuna namna yoyote sentensi za juu ziwe za kweli zote halafu ya chini iwe ya uongo.

Ndugu Jembe, hapo ninakukatalia kidogo. Ni kweli valide ni jambo la umbo. Lakini si kweli kwamba ukweli hauna kazi, kwa sababu umbo lenyewe linapimwa kwa ukweli. Valide ni ahadi yenye sharti: *ukinipa* za juu zikiwa za kweli, ninakupa ya chini ya kweli. Hoja ya Gisenyi haijavunja ahadi hiyo hata kidogo. Sharti halikutimizwa, basi ahadi haikudai kitu.

Mwana_Himbi (Goma)
Mwalimu aksanti sana. Sasa nijaribu mimi: ninaondoa Gisenyi, ninaweka Bukavu. "Miji yote ya kando ya Ziwa Kivu iko Kongo, Bukavu ni muji wa kando ya Ziwa Kivu, basi Bukavu iko Kongo." Hii konklizyo ni kweli kabisa! Lakini sentensi ya kwanza ni ile ile ya bongo. Hapo tunasema nini sasa, hoja imekuwa nzuri?

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Umegusa penyewe. Umbo ni lile lile, kwa hiyo ni valide kama ya kwanza, wala si zaidi. Hitimisho limetokea la kweli kwa sababu Bukavu ni mmoja wa ile miji ambayo uongo wa "yote" haukuigusa. Lakini hiyo hoja haikukupa sababu ya kuamini kwamba Bukavu iko Kongo, maana imesimama juu ya sentensi mbovu. Ukitaka hoja nzima, inayobeba vyote viwili, rekebisha ya kwanza: "Miji yote ambayo ni makao makuu ya Kivu ya Kusini iko Kongo", halafu Bukavu. Hapo umbo ni zima na sentensi zote ni za kweli, na hitimisho limeshikwa.

Aristote mwenyewe, karne ya 4 kabla ya Yesu, aliandika jambo hilo katika kitabu cha pili cha *Analitika za Kwanza*: kutoka kwenye kweli huwezi kutoa uongo, lakini kutoka kwenye uongo unaweza ukatoa kweli. Njia imefungwa upande mmoja tu.

Jembe_la_Katindo (Goma)
Sawa mwalimu, nimekuelewa ku ile ya umbo, lakini ile ingine niliyosema inabaki, kama zote tatu ni za kweli hoja lazima iwe valide, juu kosa litakuwa wapi? Mufano: Miji yote ya kando ya Ziwa Kivu iko Afrika. Goma iko Afrika. Basi Goma iko kando ya Ziwa Kivu. Kila sentensi hapo ni kweli, mutoto mudogo wa Goma anajua.

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Asante kwa huo mfano, maana ni mzuri kuliko wangu wote, na huo ndio mtego unaokamata watu wengi katika mtihani. Usiniamini mimi, fanya kitu kimoja tu: toa Goma, weka Lubumbashi, usiguse neno lingine.

Miji yote ya kando ya Ziwa Kivu iko Afrika. Kweli.
Lubumbashi iko Afrika. Kweli.
Basi Lubumbashi iko kando ya Ziwa Kivu.

Kalubwe_Fundi (Lubumbashi)
Aaah apana mwalimu, huku kwetu ziwa ya Kivu tunaionaka mu karte tu 😄

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Karibu ndugu wa Lubumbashi. Basi umeona: za juu za kweli, ya chini ya uongo, na umbo ni lile lile la Jembe. Tukio moja la namna hiyo linatosha kuua umbo zima, hata kama kuna mifano elfu ambayo hitimisho linatokea la kweli. Kwa hiyo hoja ya Goma haikuwa valide tangu mwanzo, ukweli wa sentensi zake ulikuwa umeficha ugonjwa. Rudi kwenye duara: miji ya Kivu iko ndani ya Afrika, Goma iko ndani ya Afrika, lakini Afrika ni kubwa, hakuna amri iliyosema nukta ya Goma iingie katika ile duara ndogo. Kile cha katikati hapa ni kuwa Afrika, na hakuna sentensi hata moja iliyoongea juu ya *wote* walio Afrika, kwa hiyo hakikuweza kukutanisha mtu na mtu.

Aristote alifanya vile vile. Akitaka kuonyesha kwamba umbo fulani halitoi kitu, haelezi sana, anatoa maneno matatu matatu tu, mnyama, mtu, farasi, halafu mnyama, mtu, jiwe, anakuachia uyaweke mwenyewe uone.

Kalubwe_Fundi (Lubumbashi)
Mimi niko mu labo ya mine, minatumika na metali kila siku, ngoja nilete yangu yulu ya ile ya Gisenyi, juu kwetu ilitokea kweli na kijana wa staje. Yeye alikuwa anasema vile: metali yote inazama mu maji, litiamu iko metali, basi litiamu inazama mu maji. Na unamuelewa, ule amekulia huku, metali yenye anajua njo shaba na kobalti, hizo zote mbili ni nzito karibu mara tisa kuliko maji, zinazama kama nini. Lakini litiamu, ile banasema iko mingi Manono, uzito wake ni kama nusu ya maji, gramu 0,53 kwa santimetre kibe moja. Ukitia kipande kidogo mu maji kinaelea yulu, kinatoa mapovu ya hidrojeni, kinazunguka mpaka kinaisha. Natriumu na potasiumu vile vile vinaelea.

Chefu wetu hakumugombeza kama hajue kufikiri, alimwambia umefikiri sawa kabisa, sasa litiamu imekujibu, enda utafute sentensi gani inakudanganya. Minaona njo jibu ya mutoto wa Himbi, ya "valide inasaidia nini". Kama kufikiri kwake kungekuwa kombo, ile kipande kinaelea haingemufundisha kitu, angesema tu nilikosea hesabu. Lakini juu hoja ilikuwa imefungwa vizuri, bongo ya chini ilimurudisha yulu moja kwa moja.

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Fundi, umesema kitu ambacho vitabu vinapita haraka. Hoja valide inabeba ukweli kushuka, na inabeba uongo kupanda. Ukikuta hitimisho ni la uongo na umbo ni zima, basi lazima angalau sentensi moja ya juu ni ya uongo, hapana pa kukimbilia. Ila logike inaishia hapo. Haikuambii ni ipi. Huyo kijana angeweza kung'ang'ana kwamba metali zote zinazama, akasema basi litiamu si metali. Hoja ingebaki salama. Kumkatalia inabidi utoke nje ya logike, umwonyeshe kwamba litiamu inapitisha umeme, inang'aa ukiikata, na mengine ya kemia. Kwa Gisenyi ni Mama wa Birere ndiye aliyeamua kwa miguu yake, si Aristote.

Furaha_Kadutu (Bukavu)
Samahani ninaingilia na yangu, labda si ya kozi, lakini ninasoma huu uzi tangu asubuhi na ninaona inanihusu. Mwenye nyumba wangu aliniandikia mesaje: "Kila mupangaji ambaye hakulipa mbele ya tarehe tano anatoka. Wewe hukulipa mbele ya tarehe tano. Basi unatoka." Mimi nilikuwa ninapiga kelele naye siku mbili ya kwamba hana haki, hana huruma, hajui kuongea na watu, na yeye anarudilia tu maneno ile ile. Na nililipa! Nilituma ku telefone tarehe tatu, lakini ilienda ku namba yake ya zamani. Sasa mwalimu, hii yake ni silojisme?

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Ni silojisme mama Furaha, na ni valide, umbo lake ni lile lile la Gisenyi. Ndiyo maana kelele hazikumgusa, ulikuwa unapiga mahali palipo imara. Usimwambie hajui kufikiri. Mwambie sentensi yako ya pili si ya kweli, umtumie mesaje ya malipo yenye tarehe na namba. Ikianguka ya pili, ile "basi" yake haina tena pa kusimama.

Angalisho moja lakini. Kuangusha sentensi yake si sawa na kuonyesha kwamba hutatoka. Umeondoa sababu aliyotoa, anaweza kuleta nyingine, kama ile miji ya Kivu, sentensi ya uongo haikuzuia Bukavu kuwa Kongo kweli.

Furaha_Kadutu (Bukavu)
Nimeelewa. Ninatafuta ile mesaje sasa hivi. Ile ya namba ya zamani njo inaniogopesha, atasema kutuma ku namba ingine si kulipa.

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Hapo ugomvi utakuwa juu ya nini kinahesabiwa kuwa kulipa, na hilo tafuta mkataba wenu unasema nini, mimi hapo sina jibu.

Jembe_la_Katindo (Goma)
Mwalimu nimekaa nikatafuta na ninafikiri nimeivunja sheria yako. Umbo ni la Gisenyi kabisa, za juu za kweli, ya chini ya bongo:

Vyote vilivyo ndani ya Kivu vimelowa maji.
Masisi iko ndani ya Kivu.
Basi Masisi imelowa maji.

Ya kwanza kweli, samaki, sambaza, mawe, vyote mule vimelowa. Ya pili kweli, Masisi iko Kivu ya Kaskazini. Ya tatu, mimi nina shamba Masisi, hatuishi mu maji. Unasemaje?

Mwana_Himbi (Goma)
Eeeh yaya Jembe!! Lakini ngoja... Kivu ya kwanza si ziwa? Na Kivu ya pili ni provensi. Ni vitu viwili.

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Mwanangu umejibu kabla yangu na umejibu sawa. Hesabu sasa vitu vilivyotajwa: Masisi, kulowa maji, ziwa, provensi. Ni vinne. Silojisme inataka vitatu, na kile cha katikati lazima kiwe kitu kile kile juu na chini, la sivyo hakuna aliyekutanishwa. Ukilazimisha Kivu iwe ziwa pote, sentensi ya pili inakuwa ya uongo, Masisi haiko ndani ya ziwa. Ukilazimisha iwe provensi pote, ya kwanza inakuwa ya uongo. Jaribu upande wowote, utaona ahadi imesimama. Jembe, ulitafuta pazuri lakini, maana kila anayedhani amevunja hilo umbo, mimi kwanza ninatafuta neno moja lililovaa nguo mbili.

Kalubwe_Fundi (Lubumbashi)
Na bale banasema "watu wengi"? Mufano, bakreze wengi wa Kolwezi wanajua kobalti, huyu iko mukreze wa Kolwezi, basi anajua kobalti. Hiyo iko valide?

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Hapana ndugu. Ukisema "wengi" umeacha mlango, na huyo mmoja anaweza kupita humo. Inaweza kuwa hoja yenye nguvu, mtu mwenye akili akaifuata, lakini za juu zinaweza kuwa za kweli na ya chini ya uongo, kwa hiyo si valide. Inapimwa kwa vipimo vingine.

Jembe_la_Katindo (Goma)
Nina moja ya mwisho na hii sijaona neno la nguo mbili.

Kila daraja lililojengwa juu ya ziwa toka Goma mpaka Bukavu linaunganisha Goma na Bukavu.
Kila daraja lililojengwa juu ya ziwa toka Goma mpaka Bukavu ni daraja.
Basi kuna daraja linalounganisha Goma na Bukavu.

Vitu vitatu tu. Za juu nani atazikataa? Na sisi wote tunapandaka bato, daraja hakuna.

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Hii ni nzito Jembe, na hapa waalimu wenyewe hawako pamoja. Umbo hilo Aristote alilikubali, ni la figura ya tatu, yaani kile cha katikati ndicho kinachoanza sentensi zote mbili za juu. Wanaomfuata wanasema ukitamka "kila daraja" umeshachukua kwamba madaraja hayo yapo, kwa hiyo sentensi zako za juu si za kweli, na umbo limepona. Lakini tangu karne ya 19, kwa Boole, mwanahesabu Mwingereza, na waliofuata, "kila" inasomwa tu kama "hakuna hata moja ambalo si hivyo". Ukisoma hivyo, za juu ni za kweli kwa kuwa hakuna daraja la kuzivunja, ya chini ni ya uongo, na umbo linaandikwa si valide. Ya Gisenyi haiguswi na ugomvi huu, inabaki valide kwa wote. Mimi ninaelemea kwa Boole, kwa sababu sipendi kupata daraja kwa kusema tu "kila".

Jembe_la_Katindo (Goma)
Mimi hapo niko na Aristote. Mutu akiniambia "kila mutoto wangu anasoma" halafu nikute hana mutoto, nitasema amenidanganya, sitasema amesema kweli.

Mwana_Himbi (Goma)
Sasa mimi wiki inakuja mwalimu akileta ya namna ya daraja ninaandika valide ao si valide?

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Muulize mbele kozi yenu inasoma "kila" namna gani. Kama hakusema, andika majibu yote mawili na sababu ya kila moja. Ya Gisenyi andika valide bila kuogopa, halafu chini yake andika ni sentensi gani ya uongo na taja muji mmoja unaoivunja. Usitaje Gisenyi, atakuambia unatumia hitimisho kuvunja sentensi. Taja Kibuye.